Ile grafike ya dola haisemi habari ya franka yetu

Siku hizi, katika mikutano ya koperative za kahawa na kakao huku kwetu, kuna picha moja inayopita kutoka telefone hadi telefone. Ni mstari unaopanda na kushuka, na juu yake kumeandikwa DXY. Mwenye kuituma anaongeza maneno machache chini: «Dola inaanguka, vunjeni dola zenu haraka.» Ao siku ingine: «Dola inapanda duniani, kahawa itashuka, uzisheni leo.» Na nimeona komite ambazo zilikaa kikao kizima juu ya picha hiyo, mbele ya kupanga bei ya kununua kahawa mbivu kwa wanachama.

Mawazo yangu ni haya: ile grafike si ya uongo, na mimi mwenyewe ninaiangalia kila juma. Lakini inajibu ulizo moja, na sisi tunaiuliza ingine. Anayetaka kujua kama franka itapanda ao itashuka Butembo, haitamsaidia. Anayetaka kujua bei ya kahawa, itamsaidia kidogo tu, na kwa njia ya kuzunguka. Kazi yake ya kweli iko pahali pengine, nitaionyesha. Komite inayofunga bei ya kampanye kwa kuiangalia peke yake inacheza na makuta ya watu.

Tuanze na kitu chenyewe. DXY ni indisi ya dola. Wanachukua dola ya Amerika, wanaipima mbele ya makuta ya inchi sita ao makundi ya inchi, kisha wanatoa namba moja. Walianza kuhesabu mwezi wa 3 mwaka wa 1973, na siku ile wakaiita 100. Kwa hiyo ukisoma 98, maana yake ni kwamba dola iko na nguvu kidogo chini ya ile ya 1973 mbele ya hayo makuta sita. Ukisoma 110, iko na nguvu kuipita kwa sehemu kumi kwa mia. Hakuna zaidi.

Sasa, ni makuta gani hayo sita? Yuro ya Ulaya peke yake inachukua 57,6 kwa mia ya kapu. Kisha yeni ya Japani 13,6, paundi ya Uingereza 11,9, dola ya Kanada 9,1, krona ya Uswidi 4,2, na franka ya Uswisi 3,6. Franka ya Kongo haimo. Shilingi ya Uganda haimo. Hata real ya Brezili, inchi inayoongoza dunia kwa kahawa, haimo. Yuani ya China, inchi inayonunua shaba yetu, nayo haimo. Kwa hiyo ile grafike, kwa sehemu yake kubwa, ni yuro iliyogeuzwa kichwa chini. Mwezi wa 1 mwaka wa 2025 yuro moja ilikuwa karibu dola 1,03, na indisi ilifika 110. Mwisho wa mwezi wa 6 yuro ilikuwa karibu 1,18, na indisi ilikuwa karibu 97. Watu wakaandika «dola imekufa». Kilichotokea hasa ni kwamba mtu wa Ulaya aliweza kununua dola kwa yuro kidogo kuliko mbele.

Jambo lingine, kabla ya kuendelea: angalia namba za pembeni ya picha. Telefone inanyoosha mstari ili ujaze kioo. Kama indisi imetoka 96 ikafika 100, utaona mlima kama Ruwenzori, na hiyo ni sehemu nne kwa mia tu. Mbele ya kuogopa, soma namba ya chini na ya juu upande wa kuume, toa moja katika ingine, gawanya, ndipo useme kama ni kikubwa ao kidogo.

Mara tatu ambapo mstari na franka havikwenda pamoja

Mtu anaweza kusema: sawa, franka yetu haimo katika kapu, lakini dola ikipata nguvu duniani si inapata nguvu hata huku? Ni ulizo zuri. Tulijibu kwa miaka tuliyoishi wenyewe.

Mwaka wa 2022 indisi ilianza karibu na 96. Mwisho wa mwezi wa 9 ilifika 114. Hiyo ni kupanda kwa karibu sehemu 19 kwa mia, na hatukuwa tumeona kiwango kama hicho kwa miaka makumi mbili. Kama mstari ule ungekuwa unaamuru franka, mwaka ule ungekuwa wa mateso. Lakini kumbuka: dola ilianza mwaka ikiwa karibu franka 2000, na mwezi wa 9 ilikuwa ingali karibu 2000. Haikutingizika.

Mwaka wa 2023 ikawa kinyume. Indisi ilianza juu kidogo ya 103 na ikamaliza mwaka kwa 101 na kitu. Yaani duniani dola ilipunguka nguvu kidogo. Lakini huku kwetu dola ilitoka karibu 2000 ikapita 2600 kabla ya mwisho wa mwaka. Mwezi wa 8 Banki Kuu ya Kongo ilipandisha faida yake ya mkopo kutoka 11 hadi 25 kwa mia ili kujaribu kuzuia. Aliyeangalia DXY mwaka ule alisema «dola inashuka», akaweka akiba yake katika franka, na akapoteza sehemu moja kwa nne ya nguvu ya makuta yake.

Mara ya tatu ni juzi. Mwanzoni mwa mwezi wa 9 mwaka wa 2025 dola ilikuwa juu ya franka 2800. Kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeanguka chini ya 2400. Na indisi? Ilikuwa karibu 98 mwanzoni, ikagusa 100 mwezi wa 11, na ikamaliza karibu 98 tena. Mstari ulikuwa umelala, na sisi tulikuwa tunakimbizana kwa kambisti.

Juu ya nini inakuwa hivyo? Kwa sababu franka yetu iko na mlango wake peke yake. Upande mmoja kuna dola zinazoingia, na kubwa kati yazo ni za shaba na kobalti ya Katanga. Upande mwingine kuna franka ambazo Leta inatoa: mishahara, vita, uchaguzi, deni za wenye makampani. Mwaka wa 2023 bei ya kobalti ilikuwa imeshuka, na Leta ilikuwa inatumia sana, vita huku mashariki na uchaguzi wa mwezi wa 12. Franka zikawa mingi kuliko dola. Mwisho wa 2025 Banki Kuu iliuzisha dola sokoni na ikabana franka katika mabanki, basi franka zikawa haba, na kitu kikiwa haba bei inapanda. Hakuna hata moja ya mambo hayo inayoonekana kwenye DXY.

Kuna sababu ya pili, na ndiyo inayotofautisha sisi na majirani. Katika inchi kama Kenya, Brezili ao Afrika ya Kusini, watu wa ngambo wenye makuta wanakuja kununua karatasi za deni la serikali kwa makuta ya pale, wakitafuta faida kubwa. Amerika ikipandisha faida yake, kama ilivyofanya 2022 kutoka karibu na sifuri hadi juu ya 4 kwa mia, wale watu wanauzisha karatasi zao, wananunua dola, wanarudi kwao. Makuta ya inchi ile yanaanguka na indisi inapanda siku moja. Uganda iliona upepo huo: mwaka wa 2022 shilingi yake ilitoka karibu 3550 kwa dola ikapita 3800. Huku kwetu, watu wa ngambo wenye karatasi za deni katika franka ni wachache sana, na hata sisi wenyewe akiba yetu katika banki ni dola. Asiyeingia hawezi kutoka. Ndiyo maana upepo ule mkubwa wa 2022 ulitupita juu ya kichwa.

Kwa hiyo faida ya DXY ni hii: inatusaidia kujua upepo unatoka wapi. Juma ambalo franka inaanguka, angalia vitu viwili kando yake, yaani indisi na shilingi ya Uganda. Kama indisi imepanda na shilingi nayo imeshuka, basi ni dola ya dunia, na hata ndoo, mabati na madawa ya mimea yanayopita Kasindi yatabadilika bei kwa njia zote mbili. Kama indisi imelala na shilingi imelala, lakini franka peke yake inaruka, basi sababu iko Kinshasa. Sikiliza Banki Kuu na matumizi ya Leta, usipoteze saa na mistari ya New York. Hiyo ni kazi nzuri ya grafike, na mimi sioni ingine kubwa kuliko hiyo kwa koperative.

Na kahawa je?

Hapa mambo iko na uzito zaidi, kwa sababu kahawa yetu ya arabika inauzishwa kwa dola, kufuatana na bei ya New York ambayo inasemwa kwa senti za dola kwa paundi moja ya uzito. Paundi hiyo ni gramu 454 hivi. Ukitaka kugeuza, zidisha senti kwa 22, utapata dola kwa tani, karibu sana. Senti 300 ni kama dola 6600 kwa tani.

Sheria ambayo wengi wanafundisha ni kwamba dola ikipata nguvu, bei ya kahawa inashuka, na dola ikilegea, inapanda. Kuna njia mbili za kuieleza. Ya kwanza ni mnunuzi wa Ulaya. Tani ya dola 6600, wakati yuro ni 1,03, inamgharimu yuro 6400. Yuro ikifika 1,18, tani ile ile ni yuro 5600. Anaweza kuongeza dola kidogo bila kuumia.

Ya pili ndiyo ya maana zaidi, na wachache wanaizungumzia: ni mulimaji wa Brezili. Yeye analipwa real. Gunia lake la kilo 60, kwa senti 300, ni dola 397. Kama dola moja ni real 5, anapata real 1985. Kama dola imefika real 6, gunia lile lile linampa real 2380, na mishahara ya watu wake na vyakula vyake vinalipwa kwa real. Anafurahi, anafungua depo, anauzisha. Wakifanya hivyo wengi siku moja, New York inajaa kahawa na bei ya senti inashuka. Kwa hiyo kwa mulimaji wa Kivu, real ya Brezili ni mpinzani wa karibu kuliko DXY. Na kumbuka, real haimo katika lile kapu. Unaweza kuona indisi imetulia na real imeanguka kwa sababu ya mambo ya serikali yao.

Lakini hata sheria hii nzuri ilivunjika mbele ya macho yetu. Mwanzo wa 2024 arabika ilikuwa chini ya senti 200. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka ule indisi ilipanda kutoka karibu 101 hadi 110 mwanzoni mwa 2025, na real ilipita 6 kwa dola moja, jambo ambalo Brezili haijawahi kuona. Kwa sheria, kahawa ilipaswa kuanguka. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025 ilipita senti 400, bei ambayo haijawahi kuandikwa. Kakao nayo ilipita dola 12 000 kwa tani New York mwezi wa 12 mwaka wa 2024, wakati ule ule dola ilikuwa juu. Kisha indisi ikashuka kutoka 108 hadi 97, na kahawa, badala ya kupanda, ikashuka chini ya senti 300 mwezi wa 7.

Hakuna siri. Brezili ilipigwa na ukame 2024, na madepo yalikuwa karibu matupu. Mwenye kuwa na magunia kumi anaweza kuuzisha kumi tu, hata real ikianguka namna gani. Kisha mavuno mapya yakaanza kuingia katikati ya 2025, na bei ikapumua. Mwezi wa 8 ikaruka tena, kwa sababu Amerika iliweka ushuru wa 50 kwa mia juu ya vitu vya Brezili. Indisi mwezi ule ilishuka kidogo tu. Mvua, depo na ushuru viliamua. Dola ilikuwa nyuma, kama ukuta nyuma ya watu wanaopigwa picha.

Hesabu ya kontineri moja

Tufanye hesabu, kwa sababu maneno peke yake yanachosha. Tuchukue koperative ya mfano yenye kituo cha kuosha kahawa, inayotaka kujaza kontineri moja ya arabika: magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19,2 za kahawa ya kijani. Kwa kilo moja ya kijani tunahitaji karibu kilo 6,5 za kahawa mbivu. Basi ni karibu tani 125 za kununua kwa wanachama.

Tuseme mwanzoni mwa kampanye komite imetangaza franka 2000 kwa kilo ya mbivu, na dola iko 2850. Kununua zote kutagharimu franka milioni 250, ambazo ni karibu dola 87 600. Mkataba na mnunuzi umefungwa kwa senti 300: dola 127 000 kwa kontineri nzima. Inabaki dola 39 400 za kulipa wafanyakazi wa kituo, kukausha, kutoa maganda, mifuko, makaratasi ya Leta, gari mpaka mpakani, faida ya mkopo, na malipo ya pili kwa wanachama.

Sasa dola imeanguka hadi 2400 katikati ya kununua, kama ilivyotokea 2025. Kwa mfano tuseme imeanguka kabla kilo ya kwanza haijalipwa. Bei ya franka 2000 imeisha kutangazwa kanisani na sokoni, hakuna atakayekubali uipunguze, na ni haki, kwa sababu sabuni na chumvi dukani hazikupunguka bei. Franka milioni 250 sasa ni dola 104 000. Mnunuzi wa ngambo haongezi hata senti, mkataba ni mkataba. Inabaki dola 23 000. Zimepotea dola 16 400, na hakuna mtu aliyeiba, hakuna mvua iliyonyesha vibaya.

Linganisha na ile grafike inayotutia woga. Tuseme indisi inapanda kwa sehemu 4 kwa mia, ule mlima wa kwenye telefone. Na tuseme kahawa inatii sheria yote na inashuka kwa 4 kwa mia pia, jambo ambalo tumeona halitokei kila mara. Kwenye kontineri hiyo ni dola 5100. Na kama mkataba umeisha kufungwa, ni sifuri. Hatari ya franka ilikuwa mara tatu ya hatari hiyo, na ilikuja wakati DXY imelala usingizi.

Kwa hiyo komite ifanye nini? Mimi siamini kubahatisha. Hata walio na skrini kumi mbele yao hawajui franka itakuwa wapi mwezi ujao. Ninachoamini ni kuweka upande mmoja makuta unayopata na makuta unayotoa. Ukitangaza bei katika franka, umeahidi franka, na dola zilizo katika kasha si franka. Siku unayotangaza bei, vunja dola zinazotosha kununua mbivu za siku kumi ao juma mbili, kwa bei ya siku ile. Umefunga hesabu ya kipande kile. Kisha tangaza tena kwa kipande kinachofuata, pamoja na bei mpya kama dola imebadilika, na uandike yote kwenye ubao wa kituo ili kila mama anayeleta ndoo yake asome: bei ya New York, dola ya leo, bei ya kilo. Usivunje zote siku moja. Makuta mengi ya franka nyumbani kwa trezorie ni hatari ya namna ingine, na sote tunajua usalama wa barabara zetu.

Koperative zingine zimechagua kutangaza bei katika senti za dola na kulipa franka kwa bei ya siku. Kwa hesabu ya koperative ni salama kabisa. Lakini mimi sipendi, kwa sababu hatari haikupotea, imehamishwa tu juu ya mwanachama ambaye ananunua chumvi kwa franka. Hapo labda wengine hawatakubaliana nami. Kwa malipo ya pili ni tofauti: yale yanatoka kwa dola za mkataba, na wazazi wengi wanayatumia kwa minervali ambayo shule zinaiomba kwa dola. Hayo yabaki katika dola, na yagawanywe katika dola.

Halafu kuna kaye. Kila siku ya kwanza ya juma, sekretere aandike namba nne kwenye mstari mmoja: arabika ya New York, dola kwa franka, dola kwa shilingi ya Uganda, na DXY. Kwa utaratibu huo, DXY ya mwisho. Baada ya kampanye moja, komite itakuwa na majuma zaidi ya makumi mawili ya kwetu, na itaona yenyewe ni mara ngapi ile namba ya nne ilitembea na ya pili. Mtu akileta picha kwenye kikao, mwenyekiti afungue kaye na kumuonyesha.

Jambo moja la mwisho juu ya namba ya dola kwa franka. Andikeni bei ambayo kambisti ananunulia dola yenu, si ile anayouzisha, wala ile ya Banki Kuu inayosomwa kwenye redio. Akisema «2400», ulizeni: kununua ao kuuzisha? Mara nyingi tofauti ni franka 20, 30, hata 40, na kwa noti ya zamani ao iliyopasuka kidogo anakata tena. Kwa kontineri yetu ya mfano, dola 104 000 mara franka 40 ni zaidi ya franka milioni nne, kilo 2000 za kahawa mbivu.